Mfugaji mwenye kitochi: atumiwe meseji au apewe menyu?

Tuchukue chama cha wafugaji wa maziwa, wa aina inayopatikana Tanga au Rungwe. Wanachama 400, wengi wana kitochi tu. Maziwa yanapimwa kituoni asubuhi na jioni, malipo ni mwisho wa mwezi. Chama kinataka kila mfugaji ajue lita zake, na akibanwa na ada ya shule aweze kuomba malipo ya awali bila kupanda bodaboda kwenda ofisini. Fedha zilizopo zinatosha kuanza na huduma moja. Je, iwe meseji au menyu ya USSD?

Menyu ina mvuto wake. Haihitaji intaneti, na watu wameshaizoea: anayejua kupiga *150*00# hahitaji kufundishwa kubonyeza 1 au 2. Inaweza kudai namba ya siri, jambo lisilo dogo pale simu moja inapotumiwa na mke, mume na watoto. Meseji hukaa kwenye simu na yeyote atakayeishika ataisoma. Menyu ikifungwa haiachi kitu kwenye skrini.

Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu. Menyu humjibu anayeuliza, na mfugaji ambaye karani ameandika lita 5 badala ya 6.5 hana sababu ya kuuliza, maana hajui kuwa amepunjwa. Atagundua mwisho wa mwezi, wakati hakuna anayekumbuka ile asubuhi. Meseji ikiingia kabla hajafika nyumbani na ndoo tupu, anageuza njia na kurudi kituoni. Na kama simu ilikuwa imezimwa, mtandao huishikilia meseji kwa muda na kuifikisha ikiwashwa. USSD haisubiri mtu. Kikao kikikatika kimekatika.

Kukatika huko ndiko kunakonitia shaka zaidi. Mfugaji anaomba 50,000, anathibitisha, mtandao unayumba, skrini inarudi tupu. Je, ombi limefika? Hajui, kwa hiyo anapiga tena. Mfumo usiotambua kwamba hilo ni ombi lile lile utamkata mara mbili. Dawa ipo: ombi la pili la kiasi kile kile, kutoka namba ile ile, ndani ya dakika chache, lizuiwe mpaka mwenyewe athibitishe upya, kisha jibu la mwisho litumwe kwa meseji. Kwa hiyo hata mwenye menyu atajikuta ananunua meseji.

Upande wa gharama, meseji ndiyo inayotisha. Wanachama 400, mara mbili kwa siku, siku 30, ni meseji 24,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo inaweza kuongezeka maradufu kwa kosa dogo la uandishi. Tazama hii:

```
Ndugu mwanachama 214, maziwa ya ng’ombe wako leo asubuhi ni lita 6.5. Jumla ya mwezi huu ni lita 83.
```

Ni herufi 100, na meseji moja hubeba 160. Lakini alama iliyo ndani ya ng’ombe imepinda, kama zinavyoiweka programu nyingi za kuandikia. Alama hiyo haimo katika seti ya kawaida ya herufi za simu, kwa hiyo ujumbe wote unahamia seti nyingine ambayo nafasi yake ni herufi 70 tu. Unagawanywa vipande viwili, na chama kinalipia viwili. Ikiandikwa ng' kwa alama iliyonyooka, inarudi kuwa moja. (Ukitaka usalama zaidi, mtoe ng'ombe kabisa, mfugaji anajua maziwa yake yametoka wapi.) Kutuma mara moja kwa siku, jioni, na vipimo vyote viwili, kunapunguza gharama kwa nusu, ila kunachelewesha lile onyo la asubuhi.

Meseji ina adui mwingine: matapeli. Watu wamechoka na "ile hela itume kwenye namba hii", na mwenye duka makini haamini meseji ya malipo mpaka aangalie salio kwenye menyu. Katika hili menyu inashinda waziwazi, kwa kuwa mteja mwenyewe ndiye aliyeipiga. Meseji ya chama basi isiwe na namba ya kupiga wala ombi la fedha, itaje lita tu. Tapeli hana faida kubwa ya kughushi lita.

Kwangu, chama hiki kianze na meseji ya vipimo. Lita ndizo deni la chama kwa mfugaji, na kila meseji ni risiti anayoweza kuionyesha kwenye mkutano, mradi afundishwe kufuta za zamani kabla sanduku la kitochi halijajaa. Menyu ije malipo ya awali yakianza kutolewa kwa simu, na iunganishwe na mitandao yote ambayo wanachama wanaitumia. Ikipatikana kwa mtandao mmoja tu, wenye laini nyingine wataendelea kupanda bodaboda. Msimamo wangu ungegeuka kama chama kingekuwa cha mazao yanayopimwa mara chache tu kwa msimu, kama korosho. Hapo meseji ni chache na nafuu, na maswali ya "malipo yangu yamefika wapi" ndiyo mengi, kwa hiyo menyu ingestahili kutangulia.