Mwenye pumu anapewa ngapi?

Juzi nimekaa kikao katika hospitali moja hapa Pemba, nikatoka kichwa kinaniuma. Mtaalamu kaja na mfumo wake: unaingiza taarifa za mgonjwa wa nimonia, unakupa asilimia ya hatari ya kufa. Matroni akauliza, "Mwanangu, hiyo namba inatokaje?" Akajibiwa, "Mama, hesabu zake ngumu, ila usahihi umeshapimwa." Ahsante sana. Dawa ya mganga hiyo: kunywa, usiulize majani gani.

Nikawasimulia ya Marekani. Miaka ya 1990 watafiti walifunza modeli kadhaa kwa data za wagonjwa wa nimonia, na mtandao wa niuroni, ambao hauonyeshi unavyofikia jibu, ukazishinda zote. Aliyeufunza, Rich Caruana, ndiye aliyesema usiguse mgonjwa. Kisa ni modeli nyingine, iliyofunzwa kwa data zilezile lakini ikitoa kanuni zinazosomeka. Ilikuwa imeandika waziwazi: mwenye pumu ana hatari ndogo.

Matroni alicheka mpaka akashika meza. "Huyo wa pumu ndiye ninayemkimbiza mwanzo!"

Basi jibu kalitoa mwenyewe. Kule nako walimkimbiza, mara nyingi moja kwa moja wodi ya mahututi, akatibiwa kwa nguvu, akapona. Modeli ikaona amepona, haikuona alivyokimbizwa. Ukiitii, unamrudisha nyumbani mtu aliyepona kwa sababu hakurudishwa.

Mtaalamu akasema, "Si tunaifuta pumu tu?" Haya, futa. Modeli isiyosomeka ni kisanduku cheusi, nacho kitaikuta kwenye dawa anazovuta, au kwenye historia ya kulazwa. Na pumu tumeijua kwa sababu modeli jirani ilisema. Zile kasoro ambazo hakuna aliyezisema je? Mwaka 2015 Caruana na wenzake walirudi na modeli inayochora mstari wa kila kigezo peke yake, na kwa usahihi haikuachwa nyuma na zile zisizosomeka. Pumu ikajitokeza tena, safari hii pamoja na historia ya maumivu ya kifua: nayo eti inapunguza hatari! Mchoro uko mbele yako, daktari anaweka kidole, mstari huo unarekebishwa au unaondolewa, mingine inabaki.

Ndiyo maana sikuwapa watu wa wodi asilimia za usahihi. Niliweka mezani karatasi ya CURB-65, alama za kupima ukali wa nimonia: kuchanganyikiwa, yurea kupanda kwenye damu, pumzi 30 au zaidi kwa dakika, presha kushuka, umri wa miaka 65 au zaidi. Pointi moja moja. Hata muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuigombeza, kwamba bibi huyu kuchanganyikiwa ni kwake siku zote, si kwa nimonia. Mfumo ukikwambia asilimia 12, utaigombeza vipi?

Kwenye picha za eksirei, sawa, nakubali, visanduku vyeusi vinaona vizuri, na modeli ya vigezo haina cha kushika. Lakini umri, presha na pumzi si picha. Na ile programu ya kukueleza baadaye kwa nini kisanduku kimesema vile, nayo inakisia.

Mtaalamu anarudi wiki ijayo. Matroni keshaandika swali nyuma ya karatasi yangu, kwa kalamu nyekundu: mwenye pumu anapewa ngapi?