Atakabidhi au atakabidhiwa? Irabu moja ya Kiarabu na mzigo wa Kariakoo

"Kaka, hivi kama Waarabu hawaandiki irabu, nyie mnaotafsiri mnajuaje neno ni lipi? Si muwalazimishe tu waziweke?"

Mara nyingi tunajua. Mara chache hatujui, na hizo chache ndo zinaumiza. Mi natafsiri makaratasi ya Kiarabu hapa Dar, wateja wangu wengi ni watu wa Kariakoo wanaoleta mzigo kutoka Dubai na Maskati, kwa hiyo naongea kama mtu aliyeshachapwa na hili jambo.

Chukua neno دين. Dali, ye, nuni, basi. Dali ukiipa kasra, irabu ya "i", unapata dini, ukiipa fat'ha, irabu ya "a", na ye ikawa sakini, yaani haina irabu, unapata dayn, ambayo ndo deni letu hili hili la dukani. Kiswahili tuliyachukua yote mawili na tukayaandika tofauti, ila Mwarabu akiandika bila irabu yanafanana kabisa. Sasa ukiletewa wasia umeandikwa marehemu عليه دين, kuna mtu atatafsiri "ana dini"? Hapana, hilo "alayhi", yaani "juu yake", limeshakuambia ni mzigo anaodaiwa, na kwa kawaida mbele yake utakuta kiasi cha pesa na jina la anayedai. Hapo wale wanaosema muktadha unatosha wako sahihi kabisa. Ustadhi aliyenifundisha sarufi alikuwa wa kundi hilo, kwake irabu ni za Kurani na vitabu vya watoto, mtu mzima asome sentensi nzima ndo aamue. Na kweli magazeti ya Kiarabu yanatoka kila siku bila irabu na watu wanayasoma vizuri tu.

Ila ustadhi hakuwahi kutafsiri mkataba wa wakala.

Mteja wangu mmoja alikuwa wakala wa muuzaji wa Maskati, akaniletea mkataba, ndani yake kuna hii sentensi:

يسلم الوكيل البضاعة خلال سبعة أيام

Maneno mepesi: kukabidhi, wakala, mzigo, ndani ya siku 7. Nikaandika "Wakala atakabidhi mzigo ndani ya siku 7", nikapiga muhuri, nikala hela yangu. Jamaa akaelewa kwamba mzigo ukifika yeye ndo anatakiwa awe ameusambaza madukani ndani ya hizo siku 7. Akakodi gari, akahaha. Mzigo wa awamu ya pili ukachelewa wiki tatu na hakudai kitu, maana kwa karatasi yangu muuzaji hakuwa amefungwa na siku zozote.

Kumbe sentensi ile, ambayo kitenzi chake mi nilikisoma yusallimu, inasomeka pia yusallamu, fat'ha juu ya lamu badala ya kasra, na hapo inakuwa "Wakala atakabidhiwa mzigo ndani ya siku 7". Siku 7 ni za muuzaji! Tofauti yote kwa Kiswahili ni hiyo "-wa" ya mwishoni, kwa Kiarabu ni kamstari kamoja ambako hakakuandikwa.

Hapa watu wengi wanasema, "Si ungeangalia irabu za mwisho wa maneno, zinaonyesha nani mtenda nani mtendwa." Ndugu yangu, hapa hazisaidii. Ukisoma yusallimu, wakala ni mtenda kwa hiyo anaishia na dhumma, irabu ya "u", al-wakilu. Ukisoma yusallamu, wakala amekaa kwenye kiti cha mtenda aliyefichwa, naye anaishia na dhumma vile vile. Mzigo una fat'ha pande zote mbili, kwa sababu kitenzi hiki kinabeba vitu viwili, anayekabidhiwa na kinachokabidhiwa. Hata dhumma ya mwanzo juu ya ye ni ile ile. Kwenye vitenzi vyepesi kama yaktubu, anaandika, ile ye ikipata dhumma tu unajua imekuwa kutendwa, yuktabu. Lakini vitenzi vyenye shada katikati, yaani herufi iliyokazwa, kama hiki vinaanza na dhumma tangu mwanzo, hivyo alama pekee inayoamua ni ile ya lamu. Unaweza kujaza irabu sentensi nzima ukaruka hiyo moja na bado usijue nani anampa nani.

(Na kuna usomaji wa tatu, al-wakila kwa fat'ha, "atamkabidhi wakala mzigo", huyo anayekabidhi akiwa ametajwa huko juu. Kwa mteja wangu matokeo ni sawa na ule wa pili.)

Ningejuaje? Ukurasa uliofuata ulikuwa na kifungu kinachosema wakala aukague mzigo "inda l-istilami", wakati wa kupokea. Istilamu ni kupokea, taslimu ni kukabidhi, hayo mawili huwezi kuyachanganya hata bila irabu kwa sababu herufi zenyewe ni tofauti. Kama yeye ndo anapokea na kukagua basi yeye ndo anayekabidhiwa. Muktadha ulikuwepo, ila mi nilishapita na ile sentensi nikiwa na uhakika wangu na sikurudi nyuma. Ndo ubaya wa hizi sentensi, hazikupi hata shaka. Dini na deni ukikosea utacheka mwenyewe, hii ukikosea inasomeka safi.

Kwa hiyo na mimi nikahamia kundi la pili, nikawa nadai irabu kila karatasi. Haikunisaidia nilivyotarajia. Karani mmoja alinirudishia mkataba umejaa alama kama nzi kwenye embe, na kwenye neno hili hili ye ameipa fat'ha, yaani yaslamu, "asalimike". Wakala atasalimika mzigo! Hiyo angalau inajifichua yenyewe. Je, angeweka kasra kwenye lamu huku anamaanisha fat'ha? Ningeamini, maana sasa imeandikwa. Irabu iliyokosewa mi naiogopa kuliko isiyokuwepo, na watu wengi wanaoongea Kiarabu kila siku hawajawahi kuchapa irabu toka watoke shule.

Siku hizi siombi irabu za karatasi zima. Naangalia vitenzi vya kukabidhi, kulipa na kutuma, kila kimoja nakijaribu kwa kutenda na kwa kutendwa, na pale zote mbili zinapokubali ndo namtumia muuzaji ujumbe. Na simwambii atie irabu, namwomba aandike upya: "تسليم البضاعة إلى الوكيل", kukabidhi mzigo kwa wakala. Hiyo "ila" inafunga mlango. Au aandike يتسلم, anapokea. Wanasheria wao wengi wanapenda "yaqumu bi-taslimi", anafanya kazi ya kukabidhi, watu wa sarufi wanaiona ndefu bila sababu, mi naipenda kwa sababu hiyo hiyo, haina kutendwa ndani yake.

Muuzaji asipojibu, kuna ujanja wa kuandika "makabidhiano yafanyike ndani ya siku 7". Nimeshawahi kuutumia, sentensi inapita bila kukosea. Lakini mteja alikuja kuuliza nani anampa nani, na hiyo haimjibu, kwa hiyo sasa namwandikia zote mbili, atakabidhi na atakabidhiwa, namwambia kabisa asisaini kabla hajauliza Maskati.