"La vie en rose": waridi libaki au litoke?

"Dada yangu anaolewa Tanga na ameniomba nimwimbie 'La vie en rose' kwa Kiswahili. Nimeandika 'Naona maisha ya waridi', lakini rafiki yangu anayejua Kifaransa anasema nimekosea, kwa kuwa hakuna ua lolote pale. Je, nilitoe waridi au nilibakize?"

Rafiki yako ana haki kuhusu maana, lakini hilo halimalizi shauri. Maneno ya wimbo huu aliyaandika Édith Piaf mwaka 1945, na mshororo unaokusumbua unafuata miwili ya mwanzo, "Quand il me prend dans ses bras, il me parle tout bas", yaani anaponikumbatia, ananinong'oneza. Mshororo wenyewe ni huu: "Je vois la vie en rose". Neno kwa neno, msemaji anasema kwamba anaona maisha katika rangi ya waridi, ile ambayo wengi wetu tunaiita pinki. Mfaransa akisikia hivyo haoni rangi wala ua. Anaelewa kwamba mtu huyu kila analolitazama linampendeza, kwa sababu moyo wake una furaha. Kwamba ni rangi inayozungumzwa tunalijua kutokana na kinyume cha msemo huo, "voir tout en noir", yaani kuona kila kitu kwa weusi, ambao ni msemo wa mtu aliyekata tamaa.

Hata hivyo, wanaotaka waridi libaki wana hoja inayostahili kusikilizwa. Kifaransa hutofautisha ua na rangi kwa kitambulishi tu: "la rose" ni ua, "le rose" ni rangi. Katika "en rose" kitambulishi hakipo, kwa hiyo harufu ya ua haijaondoka kabisa masikioni. Kiswahili nacho kina bahati hiyo hiyo, kwa kuwa waridi ni ua na pia ni jina la rangi. Isitoshe, "Naona waridi" ina mizani sita, sawasawa na mshororo wa Kifaransa. Mtafsiri akikuta neno linaloingia katika muziki bila kulazimishwa, si rahisi kuliacha.

Tatizo ni kile ambacho msikilizaji wa Tanga atakielewa. Katika taarabu waridi ni mpendwa mwenyewe: anachumwa, ananuswa, anaonewa wivu. Ukiimba "Naona waridi", ukumbi mzima utaelewa kwamba unamsifu mtu unayemtazama, ilhali Piaf katika mshororo ule hamsifu mpenzi wake hata kidogo. Anaeleza lililompata yeye, kwamba macho yake yamebadilika. Ukiongeza "maisha ya waridi" hali haiwi bora, maana Kiswahili hakina msemo huo, na msikilizaji atabaki akijiuliza ni maisha ya namna gani hayo. Thamani ya ua lenyewe pia haifanani katika lugha hizi mbili. Mfaransa akisema hadithi ni ya "eau de rose", yaani maji ya waridi, anaidharau kuwa ni ya mapenzi mepesi yasiyo na uzito. Kwetu Pwani maji hayo hayo hutiwa katika mrashi, akanyunyiziwa mgeni wa harusi kwa heshima.

Njia ya pili ni kutupa picha ya Kifaransa na kuweka msemo wetu. Nimejaribu kadhaa, na kila mmoja una mtego wake. "Dunia ni tamu" ina mizani sita na inaeleweka mara moja, lakini inageuza ushuhuda wa mtu mmoja kuwa habari ya dunia nzima. Kitenzi "naona" kimepotea, nacho ndicho kiini cha mshororo. "Naona utamu" inakirudisha kitenzi, ila baada ya maneno ya kukumbatiwa utamu huo utaeleweka kuwa wa mwili, na mbele ya wazee wa bibi harusi sidhani kama ndicho ulichotumwa. "Naiona pepo" inavutia mpaka unapokumbuka kwamba pepo ni mahali pa raha ya milele na pia ni yule anayempanda mtu kichwani.

Kuna pia njia ya tatu, ya kutotafsiri. Louis Armstrong alipourekodi wimbo huu kwa Kiingereza mwaka 1950, maneno "la vie en rose" yaliachwa kwa Kifaransa ndani ya mshororo wenyewe. Kwa wasikilizaji wa Bukavu au Bujumbura, ambao wengi wao wamesoma kwa Kifaransa, ningelikubali hilo bila kusita. Tanga litasikika kama jina la wimbo tu.

Kinachoniamulia mimi kiko mbele kidogo katika wimbo wenyewe. Piaf anasema mpenzi humwambia maneno ya mapenzi, kisha anayataja ni maneno gani: "des mots de tous les jours", maneno ya kila siku. Halafu anamalizia: "Et ça me fait quelque chose". Neno kwa neno ni "na hilo linanifanya kitu", ambalo kwa Kiswahili halisemeki. Kwa Kifaransa ni namna ya kusema kwamba jambo limekugusa moyo na huna jina la kuliita. Huyu si mwanamke wa lugha ya mapambo. Kumvisha waridi, asumini na pepo ni kumpa ulimi ambao mwenyewe ameukataa waziwazi, na kwa hoja hiyo waridi linatoka, ingawa limeingia vizuri katika mizani.

Uzuri ni kwamba Kiswahili cha kila siku kinatosha. Sisi husema mtu "anaona raha", na kitenzi "kuona" hapo kinabeba macho na moyo kwa pamoja, kama vile tunavyoona haya na kuona baridi. Kwa hiyo ningeandika hivi:

Akinikumbatia,
kaninong'oneza,
kote naona raha.

Mshororo wa kwanza una mizani saba na wa pili sita, kama Kifaransa. Wa tatu una saba badala ya sita, lakini uimbe utaona haukosi mahali pake: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "ra" ndiyo inayopokea noti ndefu ya "rose", na "ha" inashuka nyuma yake kwa wepesi. Neno "kote" linaifidia ile "vie", maana linaitoa raha moyoni na kuieneza kila anapotazama. Ule mshororo mwingine nao unakubali vivyo hivyo: "nami nasikia kitu". Hapa ufasiri unakaribia sana neno kwa neno, kwa kuwa nasi tuna desturi ya kusema "kitu" tunapokosa jina la kinachotugusa.

Kuna tunachopoteza. Kifaransa kina vina vya "bras" na "bas", halafu "rose" na "chose", na mimi sijavipata. "Kumbatia" na "nong'oneza" hukutana kwenye irabu ya mwisho tu, jambo ambalo mshairi wa Pwani hatalihesabu kuwa kina. Kwa upande mwingine, "a-" ya Kiswahili haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, tofauti na "il" ya Piaf, kwa hiyo bwana harusi naye anaweza kukupokea ubeti wa pili bila kubadilisha hata silabi moja.