Namba ya kwanza kwenye yai: 0, 1, 2 na 3 zinakuhakikishia nini

*“Nipo Hamburg. Mayai ya dukani yamepigwa mihuri: 0-DE, 1-NL, mengine yanaanza na 2. Wenzangu wanasema ya 0 ndiyo ya kienyeji na yana afya zaidi, ila bei inakaribia mara mbili. Hapo nalipia nini hasa?”*

Unalipia nafasi aliyopewa kuku, na kwenye 0 unalipia pia chakula alichokula. Muhuri huo unatokana na sheria ya Umoja wa Ulaya: 0 ni kilimo hai, 1 ni kuku wanaofunguliwa kwenda nje, 2 ni kuku wasio kwenye keji lakini wanaoishi ndani ya banda muda wote, na 3 ni keji. Herufi mbili zinazofuata ni nchi alikotagia kuku, na tarakimu za mwisho zinatambulisha shamba. Boksi lisikupoteze. Picha ya jogoo kwenye majani mabichi unaweza kuikuta hata juu ya mayai ya 2, kwa hiyo fungua kifuniko usome yai lenyewe.

Tuchukue kuku 6,000 wa kutaga, tuwapitishe kwenye kila namba.

Kwenye 3, kila kuku anapata sentimita za mraba 750. Karatasi ya A4 ina kama 624, basi ongeza kipande cha ukubwa wa kiganja, hapo ndipo anaishi. Kundi zima linahitaji mita za mraba 450, na keji hupangwa kwa ghorofa. Keji tupu za waya zilipigwa marufuku Ulaya tangu tarehe 1 Januari 2012. Zinazoruhusiwa lazima ziwe na kiota, mahali pa kuparura, na fito za kulalia zenye sentimita 15 kwa kila kuku. Kwa hiyo 3 ya Ulaya si sawa na zile keji za waya za ngazi tatu au nne zinazouzwa Dar na Nairobi, ambazo mara nyingi hazina kiota wala fito.

Kwenye 2, kikomo ni kuku 9 kwa mita ya mraba, yaani mita 667 hivi kwa kundi letu, na majukwaa ya juu yanahesabiwa humo. Kwenye 1, ndani ni vilevile. Kinachoongezeka ni mita za mraba 4 za nje kwa kila kuku, jumla hekta 2.4, kama viwanja vitatu vya mpira, pamoja na vitundu vya kutokea vyenye upana wa jumla wa mita 12. Kwenye 0, kikomo cha ndani kinashuka hadi kuku 6 kwa mita, kwa hiyo banda linafika mita 1,000, na kundi haliruhusiwi kuzidi kuku 3,000, basi wetu watagawanywa mara mbili. Eneo la nje ni zilezile mita 4. Tofauti kubwa ya 0 na 1 iko kwenye ukubwa wa kundi na chakula cha kilimo hai, na chakula hicho ndicho kinachopandisha bei.

Sasa 1 haisemi nini? Haisemi kwamba kuku aliyetaga yai lako alitoka nje. Sheria inadai tundu liwe wazi, kutoka ni hiari yake. Asili ya kuku ni ndege wa msituni, na uwanja usio na kichaka unamtia hofu ya mwewe. Kwenye shamba lisilo na miti utaona dalili moja kwa moja: karibu na vitundu ardhi imeparurwa hadi ni tope tupu, mita mia mbele majani yamesimama kama hayajakanyagwa. Mfugaji aliyepanda miti au vichaka atawaona kuku wakisambaa zaidi, lakini anapata namba ileile 1 na jirani yake asiyepanda kitu. Na mafua ya ndege yakizuka, serikali huamuru kuku wafungiwe. Zamani mayai yaliruhusiwa kuitwa ya nje kwa wiki 16 tu za kufungiwa. Tangu mwishoni mwa 2023, sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu yabaki na 1 muda wote wa amri hiyo. Ni haki kwa mfugaji, maana uwanja anaulipia hata ukiwa mtupu. Mnunuzi naye anaweza kuuliza anacholipia miezi hiyo.

Wanaotetea keji wana hoja ambazo watu wa mjini hawapendi kuzisikia. Kuku wa keji hakanyagi kinyesi chake, kwa hiyo minyoo humsumbua kidogo. Vikundi ni vidogo, basi kudonoana hakusambai kwa maelfu. Mbweha hamfikii. Kuku walioachiwa hudonoana, hurundikana kwa hofu hadi wengine wakakosa hewa, na kwenye mabanda yenye majukwaa wengi huvunjika mfupa wa kidari wanaporuka na kujigonga. Lakini hayo yanategemea usimamizi. Mfugaji hodari anaweza kuyapunguza sana, ilhali hakuna hodari anayeweza kumwezesha kuku kujiogesha kwa mchanga vya kutosha juu ya A4 moja na kiganja. Kwa maoni yetu, hatua kubwa kwa kuku ni kutoka 3 kwenda 2. Kutoka 2 kwenda 1 faida inategemea miti na mfugaji, na muhuri hauvionyeshi.

Kuhusu 0, wengi hudhani maana yake ni kuku asiyeguswa na dawa. Hapana. Akiugua hutibiwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, hata kwa antibayotiki. Ila muda wa kusubiri kabla ya kuuza mayai huwa mara mbili ya kawaida, na matibabu ya mara kwa mara humwondolea hadhi hiyo. Chanjo zinaruhusiwa.

Na si kienyeji. Kuku wa 0 mara nyingi ni wa aina ya kisasa, mwenye mbegu ya kutaga sana. Kuku wa kijijini anayezurura naye asingepewa 0, kwa sababu hakuna aliyekagua alichokula. Akiparura jalala linalochomwa plastiki, sumu za moshi na majivu huishia kwenye mafuta ya kiini. Afrika Mashariki anayetaka uhakika wa namna ya 0 atafute alama ya Kilimohai. Neno “kienyeji” kwenye trei ni la muuzaji tu.

Rangi ya kiini nayo haikuambii kuku alifugwaje. Nyumbani kiini cheupe hutokana na mahindi meupe, basi tukiona cha njano tunasema kienyeji. Kumbe mahindi ya njano, majani, au unga wa maua ya marigold na pilipili tamu katika chakula vinatosha kukigeuza, hata kwa kuku wa keji. Mfugaji wa kilimo hai haruhusiwi rangi za viwandani, kwa hiyo yai la 0 laweza kuwa na kiini hafifu kuliko la 3.

Ubichi wa yai nao ni suala jingine kabisa. Tarehe ya mwisho iliyopendekezwa haiwezi kuzidi siku 28 baada ya kutagwa, na kwa kawaida huwekwa hapohapo. Ikiandikwa 28 Juni, yai lilitagwa karibu na 31 Mei. Kati ya 0 iliyobakiza siku nne na 2 iliyobakiza ishirini, kwa yai la kuchemsha laini chukua la 2.