Hapa Weka Chanzo
Kwa kuwa rafiki yangu ameshawasimulia nusu yenu kwamba nilizima kompyuta na kukimbilia jikoni, naomba nami nisikilizwe. Sikuizima. Nilifunika kioo chake tu, tena kwa heshima.

Mnaikumbuka ile insha ya video niliyoitangaza kwa mbwembwe, kuhusu jinsi uongo unavyovishwa joho la kitaaluma. Mhimili wake ulikuwa kisa cha spinachi: kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanasayansi wa Ujerumani walipima madini ya chuma katika mboga hiyo, nukta ya desimali ikakaa pasipo pake, kiwango kikapanda mara 10, na vizazi vikalishwa spinachi kwa sababu ya kosa la kalamu. Nilikiweka katikati ya video, pale watazamaji wanapoanza kupiga miayo, kwa sababu ni kisa kifupi na kina wa kulaumiwa.

Skripti yangu ilikuwa na safu mbili, kushoto maneno ya kusomwa na kulia picha, na vikumbusho vya utafiti nilivichomeka humohumo kushoto ndani ya mabano. Nilirekodi sauti usiku, nikisoma huku nimeshachoka, kisha nikapanga picha kwa kufuata mawimbi ya sauti kwenye kioo bila kusikiliza chochote, maana sauti yangu mwenyewe siivumilii. (Msiniambie mnaivumilia nyinyi, maoni yenu huwa nayasoma.)

Basi marafiki wakakaa, video ikaanza, na mambo yakaenda vizuri mno. Picha ya jani la spinachi ikajaa kioo. Muziki ukashuka taratibu, kama nilivyopanga. Sauti yangu, ile nzito ninayoihifadhi kwa ajili ya historia, ikatamka: «Nukta moja tu ilisogea.» Kikafuata kimya nilichokiweka makusudi ili watu watafakari, nao wakatafakari, nikawaona. Kisha sauti ileile, bila kupungukiwa na uzito wowote, ikaendelea: «Hapa weka chanzo. Kile cha kwanza kabisa. Si makala ya mtu aliyesikia kwa mtu.» Jani likazidi kusogezwa karibu, hadi mishipa yake ikahesabika, na muziki ukapanda kwa ushindi. Hakuna aliyecheka. Mmoja alitikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani ni mbinu ya kisanaa, na ningemwacha aamini hivyo mpaka kiama, lau rafiki yenu asingeuliza kwa upole: «Sasa hicho chanzo kiko wapi?»

Hapo ndipo nilipofunika kioo.

Kwa sababu hakikuwapo. Nilikuwa na makala tele, lakini kila moja iliegemea nyingine, na nilipozifuata moja baada ya nyingine usiku huo, njia ilinifikisha kwa T. J. Hamblin, aliyekisimulia kisa hicho mwaka 1981 katika jarida la British Medical Journal bila kuonyesha alikokitoa. Mike Sutton alikuwa ameshaufuata mkondo huo mwaka 2010 na hakuiona nukta yoyote iliyopotea. Na mwaka 2014 Ole Bjørn Rekdal akaeleza, katika jarida la Social Studies of Science, jinsi wasomi walivyokuwa wakinakiliana kisa hiki kama onyo dhidi ya uzembe wa kunukuu. Yaani video yangu ya kufichua uongo wenye joho ilikuwa imeushonea uongo mmoja joho jipya, na fundi nilikuwa mimi.

Yaliyofuata hayana raha, nitayapitia mbio. Kisa sikukifuta, nilikihamishia mwanzoni, kikasimuliwa kwa utamu wake wote, na swali la rafiki yenu likawa ndilo linaloisukuma video nzima, hivyo kila sehemu sasa inaingia kwa «lakini» au «kwa hiyo», ilhali zamani zilishikana kwa «halafu» kama orodha ya manunuzi. Vikumbusho vimehamishwa kwenye jedwali la peke yake, lenye dai, chanzo, ukurasa, na safu inayouliza kama chanzo hicho nimekisoma kwa macho yangu. Penye «hapana», sentensi inaanza kwa «inasimuliwa kwamba» na kumtaja msimulizi, au inaondoka.

Mnaouliza video itatoka lini, eleweni hali yangu: safu hiyo bado ina «hapana» mbili, zote kwenye aya ninayoipenda kuliko zote, na nitazifuta nikishamaliza kununa.