Mzigo uko tayari: gharama za kuutunza zianze lini, na kwa kiasi gani?

Milango ya nyumba zinazojengwa Marangu au Rombo mara nyingi huagizwa kwenye karakana za Moshi mjini na watu wanaoishi Dar es Salaam, ambao hupanga kuichukua wakija nyumbani kwa Krismasi. Fundi huimaliza Novemba. Hapo ndipo ujumbe unapotumwa: mzigo wako uko tayari, na baada ya tarehe fulani tutakutoza gharama za kuutunza.

Fundi ana hoja nzito. Tuseme karakana ya Pasua inalipiwa kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi, na milango sita ya mninga iliyolazwa juu ya fito imekula robo ya sakafu. Nafasi hiyo ina thamani ya shilingi 75,000 kwa mwezi, yaani 2,500 kwa siku, na oda nyingine haiwezi kuanza hapo. Akiiegemeza ukutani kuokoa nafasi, mbao zinaweza kupinda, na lawama zitakuwa zake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iko upande wake: muuzaji aliye tayari kukabidhi akimtaka mnunuzi achukue mzigo, na mnunuzi asifanye hivyo ndani ya muda wa kuridhisha, mnunuzi atawajibika kwa hasara iliyotokana na kuchelewa kwake na kwa gharama ya kuridhisha ya utunzaji.

Mteja naye ana mashaka ambayo hayapaswi kupuuzwa. Neno "tayari" hutumwa wakati vanishi haijakauka au vitasa havijafungwa, ili salio lipatikane mapema. Mtu wa Dar hawezi kuona hilo kwa simu. Akisafiri na kukuta milango miwili haina fremu, siku zilizohesabiwa kabla ya hapo si za kwake, kwa sababu muuzaji hakuwa tayari kukabidhi. Kwa mteja wa mbali, picha ya kila mlango iambatane na ujumbe. Ni kazi ya dakika chache na inaondoa ubishi mkubwa.

Shida ya pili ni tozo inayozuka mwishoni. Kama haikutajwa wakati wa kupokea advansi, ujumbe wa Novemba hauwezi peke yake kuunda makubaliano mapya, kwani mteja kukaa kimya si kukubali. Fundi atabaki na ile gharama ya kuridhisha tu, tena atalazimika kuieleza. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kuiandika ni risiti ya advansi. Ujumbe wa baadaye unakumbusha na kuweka tarehe:

"Shikamoo Mama. Milango yako sita ya mninga, oda namba 41, imekamilika leo 10 Novemba. Salio ni shilingi 900,000. Tunakabidhi hapa karakana Pasua, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Hadi 24 Novemba, siku hiyo ikiwemo, hatutozi utunzaji. Kuanzia 25 Novemba ni shilingi 2,500 kwa siku kwa mzigo wote, kama ilivyo kwenye risiti yako. Ukishindwa kuja, mtume mtu na risiti, na utupigie kututajia jina lake."

Maneno "siku hiyo ikiwemo" na "kwa mzigo wote" yana kazi kubwa. Bila ya kwanza, watu wawili watabishania siku moja; bila ya pili, mmoja atasoma 2,500 kwa kila mlango na kupata 15,000 kwa siku. Mama huyu akifika 20 Desemba atakuwa amechelewa siku 26, yaani shilingi 65,000. Kiasi hicho naona ni haki kabisa, hata kama alikuwa na sababu njema ya kuchelewa, kwa kuwa kodi ya fundi haikungoja.

Lakini fundi akiandika shilingi 10,000 kwa siku, deni linafika 260,000, na sakafu ni ileile. Hapo simtetei. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kiasi kilichotajwa kwa ajili ya kuvunja mkataba ni kikomo tu. Anayedai hupewa fidia ya kuridhisha isiyozidi hapo. Kuandika tarakimu kubwa ili kumtisha mteja kunamfanya fundi apoteze hata ile hoja yake ya kweli.

Je, anaweza kuizuia milango? Kwa salio la 900,000, ndiyo: Sura ya 214 inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kukaa na mzigo mpaka alipwe bei. Haki hiyo ni ya bei. Salio likilipwa lote, ningemshauri aitoe milango na kudai zile 65,000 kama deni, kwa kuwa akiing'ang'ania, kila siku inayofuata mchelewaji ni yeye.