Usihesabu saa anazolala paka, tazama anavyolala

Mtu akianza kufuga paka, haupiti mwezi kabla hajaniuliza: mbona huyu analala kutwa nzima, au anaumwa? Zamani nilikuwa namuuliza analala kwa muda gani. Siku hizi namuuliza amelalaje, kwa sababu saa peke yake hazisemi kitu. Paka mzima mwenye afya hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na kitoto au paka mzee huweza kukaribia saa 20.

Si uvivu, na wanaomwita paka mvivu wanamwonea. Paka wetu wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, ambaye mpaka leo anaishi katika mbuga za Kenya na Tanzania. Huyo huwinda kwa kunyemelea, kuvizia na kuruka ghafla, kazi inayomaliza nguvu kwa dakika chache, halafu anajilaza mpaka nguvu zirudi. Saa zake kubwa ni alfajiri na magharibi, wakati panya wanapotoka. Paka wako amekula dagaa wake na hana cha kuvizia, lakini mwili bado unafuata ratiba ile ile. Ndiyo maana anakukanyaga kifuani saa kumi na moja alfajiri.

Tena sehemu kubwa ya usingizi huo ni kusinzia tu. Amekaa, miguu ameikunjia chini ya kifua, kichwa kiko juu, na ukigusa sufuria sikio linageuka upande wako. Usingizi mzito huja kwa vipindi vya dakika chache. Hapo anajibwaga ubavu au anajiviringa, na masharubu na vidole huanza kutetemeka. Mwaka 1959, Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alichunguza paka walio katika hali hiyo, akakuta ubongo wao unafanya kazi kama wa aliye macho, huku misuli ya shingo imelegea kabisa. Kwa hiyo ukimwona anatetemeka hivyo, usimwamshe. Si degedege.

Kwangu mimi kulegea huko ndiyo alama kubwa. Ili alale hivyo, paka lazima aubwage mwili. Mwenye maumivu, au anayepumua kwa shida, mara nyingi haubwagi. Anabaki amejikunyata, mgongo juu, macho nusu, na asiyemjua atasema amelala vizuri.

Hivyo ndivyo dume langu la kijivu lilivyonidanganya kwa siku nzima. Hulala kwenye mkeka karibu na mlango. Siku ile nikamkuta chini ya kitanda, amejikunyata. Mama akasema, "Mwache, mwanangu, kazi ya paka ni kulala." Jioni nilitikisa bakuli, hakutoka. Asubuhi chakula cha jana kilikuwa kile kile. Nikakaa kimya nikamhesabu pumzi: ubavu ukipanda na kushuka, hiyo ni moja. Nilihesabu kwa sekunde 30, nikapata 21, nikazidisha mara mbili: 42. Paka aliyelala kwa utulivu kwa kawaida hapiti 30 kwa dakika.

Jirani alitaka nimpe nusu kidonge cha panadol. Nakataza kwa nguvu zangu zote: ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kiasi kidogo tu humuua. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Joto lilikuwa 40.4, wakati la kawaida haliendi mbali zaidi ya 39. Daktari alipapasa mpaka kwenye shina la mkia, paka akapiga kelele. Chini ya manyoya kulikuwa na jipu, alama ya meno ya dume mwenzake. Vidonda vya kuumwa hufunga haraka juu, usaha ukabaki ndani, na homa huja siku chache baada ya ugomvi. Alilipasua, akaosha, akampa antibayotiki.

Nilimuuliza ingekuwaje kama ningesubiri zaidi. Alichokiogopa zaidi ya jipu ni njaa. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulilemea. Kwa hiyo paka akilala sana lakini anaamka kula, kujilamba na kukojoa kama kawaida, mimi simsumbui. Akipitisha siku nzima bila kula, nampeleka. Dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga wake akijikamua bila mkojo kutoka hangojwi hata usiku upite. Na paka mzee anayeanza kulala kidogo, akizunguka usiku na kulia, naye apimwe, maana huenda tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi.

Siku ya tatu ya dawa, dume la kijivu lilirudi kwenye mkeka. Alijibwaga ubavu mchana kutwa, masharubu yakicheza. Nilihesabu: 22.